Gundi tatu nilizojaribu kwenye viti vya bibi, ipi imekamata na ipi imenitia hasara

Assalaam alaykum. Mie si fundi seremala, niko Chake Chake na kazi yangu nyengine kabisa, ila nimehangaika na gundi miezi mitatu kwahiyo naandika hapa isaidie na mwengine.

Nyumbani tuna viti sita vya mninga vya kulia, aliviacha marehemu bibi. Vinne vikaanza kucheza, ukikaa vinalia kwe kwe, maana ule ulimi wa mbao ya pembeni umelegea ndani ya tundu la mguu wa nyuma. Nikamwita kijana mmoja fundi, akaja na kopo la gundi ya njano, ile kontakti ya viatu, akapaka kwenye ulimi na ndani ya tundu, akasubiri kama robo saa ikauka juu juu, akagonga kwa nyundo. Saa ile ile kiti kigumu. Mie nikafurahi nikalipa, na hata klampu hakutumia nikaona huyu mjanja.

Wiki tatu tu yakhe, shemeji yangu kaja kula Ijumaa, mtu ana mwili wake mashaallah, kajiegemeza nyuma kwa miguu miwili ya kiti kama kawaida yake na kiti kikafunguka. Nilipochomoa ule ulimi nikakuta gundi inavutika nyuzi nyuzi kama chingamu, afu nusu ya ndani ya tundu haina kitu. Kumbe kontakti ikishakauka juu inashikana papo hapo inapogusana na mwenziwe, sasa ulimi unapoingia ile gundi inakwanguliwa yote inabaki mdomoni mwa tundu, na huwezi hata kuurudisha ukae sawa. Na hiyo iliyobaki haiwi ngumu maisha, inabaki kama mpira.

Mie nikataka kuona kwa macho yangu. Nikachukua vipande vya mninga vilivobaki, nikavibandika viwili viwili vimepandana kama sentimita 5, jozi moja kontakti, moja gundi nyeupe ya mbao, moja epoksi ile ya makopo mawili unayochanganya na hadna. Nikaacha siku mbili, nikapiga mstari wa penseli unaopita juu ya kiungo, nikavitundika kipenuni kila kimoja na ndoo ya maji ya lita 20. Asubuhi mstari wa kontakti ulikua umeachana kama upana wa punje ya mchele, yaani haijavunjika ila inateleza taratibu kwa uzito wa ndoo na lile joto letu. Zile mbili mstari uko palepale. Afu nikavibana kwenye jiliwa nikavipiga nyundo, gundi nyeupe ikavunjika mbao yenyewe, nyuzi za mninga zimeng'oka zimebaki upande wa pili, epoksi nayo hivohivo karibu yote. Kwahiyo kama kiungo kimebana vizuri hizo mbili sikuona tofauti ya nguvu, na nyeupe bei yake ndogo sana, basi nyeupe.

Sasa hapa ndo nilipokosea mie mwenyewe. Kiti cha kwanza nilipaka gundi nyeupe juu ya mabaki ya gundi ya zamani, nikaona si inaonekana safi. Baada ya siku kumi ikaachia, na ndani pamekaa utando unang'aa kama plastiki, hakuna hata unyuzi mmoja wa mbao. Ukiona mng'ao huo jua gundi haikuingia kwenye mbao. Gundi nyeupe lazima inywewe na mbao, na juu ya gundi iliyokauka hainywewi. Skuizi nakwangua kwa patasi na msasa, afu natia tone la maji juu ya ulimi: likisimama kama kwenye jani la mgomba bado kuna gundi, likizama mbao iko wazi. Kisha naacha pakauke. Kile alichopaka kontakti fundi nilikwangua na kufuta kwa thina mara tatu ndo tone likazama.

Kubana nako kuna mambo. Klampu ndefu sina, nimetumia kamba ya manila nimezungusha miguu ya kiti mara mbili na kijiti katikati nikakinyonga mpaka kamba ikalia, inabana sawa sawa na klampu, ila weka kitambaa pembeni isikate mbao. Ukipaka gundi nyeupe una dakika tano mpaka kumi hivi kabla haijaanza kushika kwahiyo jaribu kwanza bila gundi kila kitu kikae tayari. Ikibana vizuri utaona vishanga vidogo vya gundi vinatoka pande zote za kiungo, upande usiotoka kitu ujue hapajafika gundi au hapajabana. Kopo linasema nusu saa mpaka saa moja unafungua, lakini masika hewa yetu nzito maji hayatoki haraka, mie nafunga jioni nafungua asubuhi na sikalii mpaka siku nzima ipite.

Viti viwili lakini ndimi zake zimelika, nikipitisha kadi ya vocha pembeni ya ulimi inaingia bila kusukumwa. Hapo gundi nyeupe utajidanganya, maana ikikauka inasinyaa na kujaza tundu haiwezi. Hapo ndo epoksi inakula pesa zako kihalali. Nilichukua kwanza ya dakika tano, ikanigandia kwenye kikombe kabla sijamaliza mguu wa pili, kikombe chenyewe kimekua cha moto hakishikiki. Ikikaa nyingi pamoja inajipasha moto yenyewe na joto linaiharakisha. Ya pili nikachukua ile ya polepole, nikapima kwa vijiko kama lebo inavosema bila kukisia (ukizidisha hadna haikauki haraka zaidi, inabaki laini tu), nikachanganya kwenye kifuniko kipana ikae nyembamba, nikatia unga laini wa msumeno mpaka ikawa kama uji mzito isichuruzike. Na hii usiikaze kama ile nyeupe, ukinyonga sana inatoka yote kiungo kinabaki kikavu, kamba iwe ya kushikilia tu kisicheze. Nikaacha saa 24 kamba ipo, nikaanza kukalia siku ya tatu.

Ubaya wa epoksi, siku kiti kikitaka kufunguliwa tena utalia. Gundi nyeupe unaweza kuilainisha kwa siki ya moto ukachomoa ulimi mzima mzima, epoksi mpaka uichome kwa joto kali na mbao inaweza kuungua au kupasuka. Ndo maana vile vilivobana sikuvitia. Ila kama kiti kinakaa barazani kinapigwa na mvua basi gundi nyeupe ya kawaida italainika, hapo nenda epoksi au tafuta nyeupe yenye D4 kwenye lebo, inavumilia maji kuliko ile ya kawaida.

Sasa mwezi wa tano, vinne vyote kimya, na shemeji bado anajiegemeza nimeshachoka kusema. Lile kopo la kontakti fundi aliliacha likiwa nusu, nimebandikia soli ya makubadhi ya mama, pande zote mbili, nikasubiri ikauke nikagandamiza mara moja, na hapo haijambo kabisa.