Eti "maandishi makubwa": uzoefu wangu na video za wazee

Nimelipia huduma ya video za afya za wazee, zile wanazokutumia uziweke kwenye memori kadi. Walijinadi kwamba maandishi ni makubwa, mwendo ni wa taratibu, na zinacheza hata kwenye kitochi. Kucheza zinacheza kweli. Hayo mengine mawili nasema wazi kwamba tumeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mama yangu ana presha ya macho na anatumia dawa mbili za matone. Ukitia ya kwanza unapaswa kungoja angalau dakika 5 kabla ya kutia ya pili, la sivyo ya pili inaisafisha ya kwanza jichoni kabla haijafanya kazi. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika video nzima. Sasa sikia walivyolifanya: msimulizi anasema "subiri kidogo", halafu zile dakika 5 wameziandika tu, chini kabisa ya picha. Mama akasubiri kidogo, kama alivyoambiwa. Akafuta shavu, akatia ya pili. Nilimkuta akifanya hivyo nikamuuliza, mama, mbona haraka? Akanijibu, "Mwanangu, si ndivyo wanavyosema?"

Nikaichukua simu nikatazama mwenyewe. Macho yangu ni mazima, na bado niliona ukungu mweupe tu. Kioo cha kitochi chake kina nukta 240 kwa upana na 320 kwa urefu. Video imetengenezwa kwa ulalo, kama ya televisheni, kwa hiyo ukiishika simu wima picha inabaki ukanda wa nukta 240 kwa 135, na kioo kilichobaki ni cheusi tupu. Herufi yenye kimo cha sehemu moja ya ishirini ya picha, ambayo kwenye kompyuta inasomeka bila shida, hapo inabaki na nukta kama 7. Ukishaibana video ili faili liwe dogo, 5 na 6 na 8 zote ni doa moja. Na wameandika kwa njano juu ya ukuta mweupe! Sijui nani aliwaza hilo.

Nikawapigia. Kijana aliyepokea hakunisalimu hata. Nikamweleza yote, akanijibu, "Mbona huku kwangu yanaonekana vizuri? Mvalishe mzee miwani." Mvalishe! Nikamuuliza, kaka, wewe unatazamia nini? Kompyuta. Nikamwambia alipunguze dirisha la video mpaka lilingane na kioo cha kitochi, kisha alitazame kwa umbali wa mkono. Akakata simu.

Na huo "mwendo wa taratibu" ni kichekesho. Wamechukua video ya kawaida wakaipunguza kasi mpaka robo tatu. Sauti inaburuzika kama ya mlevi, lakini sentensi bado zinafuatana bila pumzi. Maandishi yaliyokaa sekunde 2 sasa yanakaa kama 2.7 hivi, ambazo kwa mzee si kitu. Mzee anahitaji kimya baada ya kila hatua, apate kuielewa kabla haijaja nyingine. Maandishi nayo yakae mpaka uweze kuyasoma kwa sauti mara mbili bila kukimbia. Halafu wameweka muziki chini ya maneno, wakati spika ya kitochi ni ndogo na masikio ya uzeeni yanapoteza kwanza zile sauti nyembamba za s na f. Muziki unazimeza zote.

Sasa kinachoniudhi zaidi ni kwamba wanajua kufanya vizuri. Kwenye kifurushi hichohicho kuna video ya mazoezi ya kukaa kwenye kiti. Imepigwa wima, inajaza kioo chote. Maneno mawili tu kwa wakati mmoja, meupe manene juu ya weusi, na kila kilichoandikwa mama anayeonyesha mazoezi anakitamka pia. Anasema "inua mguu", ananyamaza, anainua, anangoja. Mama yangu anaifuata bila kuniita. Kwa hiyo mtu aliyeitengeneza ile alielewa, na ya matone wakampa mwingine, au walikuwa na haraka. Sijui, wala sitaki kujua.

Nilikuwa nimeandika nyota tatu kwa sababu ya hiyo ya kiti. Nikapunguza ikawa mbili. Nikikumbuka "mvalishe mzee miwani" naona hata mbili ni sadaka. Moja, na itabaki moja mpaka waiondoe ile ya matone, au angalau msimulizi atamke kwa mdomo wake: dakika tano.