Sakiti breka mbili za C20 katika picha

Swali ni kama breka hizi ni halisi au bandia, kwa kuangalia picha tu. Picha zote mbili zinaonyesha sakiti breka ya njia moja, na kila moja inadai usoni kufuata IEC 60898, kiwango cha kimataifa cha sakiti breka za nyumbani. Ya kwanza imeandikwa C20, na chini yake 6000 imezungushiwa mstatili, yaani ampia za shoti inazoweza kukata. Ya pili imeandikwa C20A, na mstatili haupo. Kiwango hicho kinataka namba ya ampia, hapa 20, ifuate herufi ya aina, hapa C, bila kuongezwa A, kwa hiyo anayekinakili bila kukielewa hujifichua hapo hapo.

Nilipokuza picha kwenye tundu la waya, tofauti ilizidi. Katika ya kwanza, kibano ni kizito na kina mifereji midogo mlalo ya kushika waya. Katika ya pili ni bati jembamba lililopinda kidogo, ambalo hata skrubu ikikazwa linaweza kulegea, na waya uliolegea hupata joto hadi plastiki iungue.

Ya pili ningeikataa kwa picha tu. Ya kwanza bado singeithibitisha kuwa halisi, kwa sababu koili ya kukatia shoti na chemba ya kuzimia cheche havionekani kwa nje.