TAHADHARI: Simu ya "108MP" yenye lenzi nne, tatu ni mapambo

Jamani, nimepigwa. Nimeuziwa simu mpya kabisa, mgongoni ina lenzi nne na maandishi makubwa 108MP. Muuzaji alipiga picha mbele yangu, akafungua maelezo yake: 12000 x 9000, yaani pikseli milioni 108. Nikalipa.

Nyumbani nikapiga ukurasa wa gazeti, nikaivuta ile picha. Herufi zilikuwa kubwa kweli, lakini kingo zimevimba kama wino uliolowa maji. Nikashusha mpangilio hadi megapikseli 8, nikapiga tena: ukungu uleule. Nikatoka nje juani, nikafungua kamera na kuanza kuziba lenzi moja moja kwa kidole, huku nikibadilisha 0.5x, 1x na 2x. Tatu nilizifunika, kioo hakikushtuka. Ya nne, giza. (Fanyeni jaribio hili kwenye mwanga wa kutosha, mkilenga kitu cha mbali. Gizani au kwa kitu cha karibu, hata simu halali huweza kuiacha lenzi ya kuvuta na kutumia ile kuu.)

Msidhani kosa ni udogo wa lenzi. Kazi ya lenzi ni kukusanya mwanga unaotawanyika kutoka kila nukta ya kitu na kuurudisha uwe nukta moja juu ya kitambuzi, kile kibapa cha pikseli kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi. Mtu wa mita 1.7 akisimama mita 3 mbele ya lenzi ya fokasi ya milimita 5, taswira yake huangukia kitambuzi kichwa chini, ikiwa na urefu wa milimita 2.8 tu. Lenzi ya milimita 50 ingetoa karibu milimita 29. Lakini ukipunguza lenzi mara kumi, kasoro za umbo lake nazo hupungua mara kumi. Ndiyo maana vipande vitano, sita vya plastiki vilivyofinyangwa vizuri hutoa picha kali.

Kisichopungua ni tabia ya mwanga wenyewe. Kwa lenzi yenye tundu la mwanga la f/1.8, hata isiyo na dosari, nukta ya mwanga wa kijani hutandaa kama milimita 0.0024. Fundi aliponifungulia simu, kitambuzi kilikuwa na upana wa milimita 3.6 hivi. Gawanya kwa 12000: kila pikseli ingekuwa milimita 0.0003, ndogo kuliko hata urefu wa wimbi la mwanga huo, ambao ni 0.00055. Nukta moja ingefunika pikseli nane kwa upana! Hizo pikseli hazipo; programu inazibuni kwa kukisia kati ya zile chache zilizopo. Kitambuzi cha kweli cha 108MP kina upana wa karibu milimita 9.6, na hata hicho kwa kawaida huunganisha pikseli tisa tisa na kukupa picha ya megapikseli 12.

Nilimrudia muuzaji. Akaniambia nifute lenzi kwa kitambaa laini. Sasa hivi ametangaza nyingine, ya 200MP.