Kabla hujanunua suruali, geuza mguu uangalie ndani: mapindo manne nimeyapanga kwa namba

Hii posti imetokana na hasira, nisiwafiche. Nilinunua kadeti mpya kabisa ya rangi ya udongo, duka moja la Kariakoo, elfu arobaini na tano na hapo nimebembeleza mpaka nimechoka. Chini ina mkunjo, ule wa kupandisha kitambaa kwa nje, na mi mkunjo ni ugonjwa wangu, nikiuona tu akili inahama. Nikaivaa siku ya kwanza imekaa poa, imegusa kiatu vizuri. Nikaifua. Ikarudi fupi sentimita tatu, maana pamba ikikutana na maji mara ya kwanza lazima ijivute, hilo nalijua na bado nilijisahau. Nikasema hamna shida, mkunjo ule una kitambaa kibao, nampelekea fundi anaufumua nashusha.

Fundi akageuza mguu, akaangalia, akaniangalia, akacheka. "Dada, hapa hamna kitu." Ule mkunjo wote ni kipande tu kimeshonewa kwa nje kama bandeji! Mguu wenyewe umeishia palepale chini, umepigwa ovaloki, kwa ndani pamebaki nusu sentimita ya kitambaa. Yaani nimevaa mkunjo wa maigizo.

Kwahiyo leo sitaongelea kiuno wala rangi wala kama kitambaa kinavutika, hayo mnayajua. Naongelea akiba. Akiba ni kile kitambaa kilichofichwa ndani ya pindo, hakuna anayekiangalia dukani, na ndicho kinachoamua kama suruali utaivaa miaka minne au utampa mdogo wako baada ya kufua mara mbili.

Namba moja: mkunjo wa kweli

Bado naupenda, pamoja na yaliyonikuta. Mkunjo wa kweli hauna kiraka, ni mguu uleule umeshuka, ukarudi juu kwa nje, halafu ukakunjwa tena kushuka juu yake na kuingia ndani ya mguu. Tufanye hesabu ya fundi kidogo. Ukitaka mkunjo wa sentimita nne, kutoka pale suruali inapoishia unahitaji nne za kupanda kwa nje, na nyingine kama tano za kurudi chini na kuingia ndani ili ule mshono uishie upande wa ndani wa mguu usionekane. Jumla tisa, kila mguu. Ni kitambaa kingi, ndio maana Waingereza mwaka 1942 wakati wa vita waliupiga marufuku kabisa kwenye suruali za wanaume, wabane kitambaa. Wajanja wakawa wananunua suruali ndefu makusudi halafu wanakunja wenyewe nyumbani.

Na ndio maana viwanda vya bei ya chini vinaigiza. Sio kitambaa tu, kuna na ugumu wa ukataji. Suruali inayobana kadri inavyoshuka, mkunjo wake lazima ukatwe ukipanuka kule chini, kwasababu ukiupandisha unakutana na sehemu ya mguu iliyo pana zaidi. Wasipofanya hivyo mkunjo unakaba mguu na suruali inaweka makunyanzi juu yake. Kushonea kipande ni rahisi zaidi, basi wanashonea kipande.

Utaujuaje? Ingiza vidole viwili chini ya mkunjo kwa mbele, uvute kidogo. Wa kweli umeshikwa sehemu mbili tu, kwenye mshono wa pembeni na mshono wa ndani ya mguu, katikati uko wazi kama mfuko. Kisha geuza mguu: ukingo wa chini kabisa, pale panapogusa kiatu, uwe ni kunjo laini la kitambaa. Ukikuta pale chini kuna mshono umezunguka mguu mzima, rudisha ndoano, ondoka.

Nilivyotulia nikaenda Karume kwenye mtumba, nikapata kadeti ya elfu kumi na tano, mkunjo wa kweli, nayo ilikuwa fupi kwangu sentimita zilezile tatu. Fundi akafumua, tisa zote zikatoka, tukashusha tatu, sita zikabaki ndani kama pindo la kawaida. Ilibaki alama ya kunjo la zamani, tukapiga pasi ya mvuke na kitambaa kilicholowekwa siki kidogo na maji, ikapungua mpaka mtu haioni. Angalizo: siki inasaidia alama ya kunjo tu. Kama kitambaa kimepauka kwa jua na ile sehemu iliyofichwa bado ina rangi yake, huo mstari hautoki, utaishi nao.

Muonekano: mkunjo unakata mguu kwa macho. We mfupi kama mi chukua sentimita tatu mpaka tatu na nusu, warefu ndio wabebe nne na kwenda juu. Mguu uwe umenyooka au umebana kidogo, na uishie juu ya kifundo, moka zinapendeza hapo kuliko raba. Kwenye modo sitaki hata kuusikia. Ubaya wake unabeba mchanga na mabua ya kila sehemu uliyopita, kila ukifua geuza ukung'ute kwanza.

Namba mbili: mpasuo wa pembeni

Huu ndio uko kwenye chati sasa, kwenye suruali za kina dada zile zilizonyooka na mabwanga. Mshono wa nje unaachwa wazi kule chini, sentimita tano, nane, wengine wanapanda mpaka kumi na tano. Ukitembea kiatu kinatoka kinaingia, mguu unaonekana mrefu, kwa sisi tuliojaliwa futi tano na kidogo ni msaada mkubwa kuliko mkunjo.

Ila tatizo la akiba hapa limegeuka. Suruali yenye mpasuo ni ngumu kupunguza. Fikiria mpasuo wako ni sentimita nane na suruali imekuzidi tano. Ukikata tano chini unabaki na mpasuo wa tatu, ambao hata hauonekani ni mpasuo, unaonekana mshono umefumuka. Fundi inabidi afumue pembeni apandishe mpasuo upya, na hapo ndipo unahitaji kitambaa cha kukunjia kwenye kingo mbili za mpasuo. Kama mshono wa pembeni umekatwa mwembamba, sentimita moja na ovaloki juu yake, hakuna cha kukunja. Angalia hiyo kabla hujalipa. Kwenye nzuri utakuta kitambaa kimeachwa kipana kuzunguka mpasuo, au kuna kipande cha ndani kimewekwa makusudi.

Halafu tazama pale juu mpasuo unapoishia. Panatakiwa pawe na mshono mfupi wa kurudiarudia, mnene, kama ule wa kwenye pembe za mfuko wa jinzi. Haupo? Siku ya kwanza kupanda bodaboda mpasuo wako unahamia kwenye goti.

Namba tatu: lastiki

Joga na wenzake. Zinakaa vizuri na raba, mguu unajaa pale juu ya kifundo, za kuzurura wikiendi. Aina mbili: lastiki imepita ndani ya njia yake kama kamba ya kaptura, au imeshonwa pamoja na kitambaa kwa ovaloki moja kwa moja. Nunua ya kwanza. Lastiki inakufa, tena jua letu la kuanikia linaiua haraka, na ile yenye njia fundi anafungua upenyo mdogo, anavuta ya zamani anapitisha mpya. Ile ya kushonwa pamoja ikilegea inabidi kufumua pindo zima.

Dukani ivute mpaka upana wa kisigino chako. Ukisikia nyuzi zinalia tiki tiki, wameshona mshono wa kawaida ulionyooka, zitakatika. Na ikiwa ndefu usiinunue kwa kusema itajikunja tu juu, itajikunja kweli na utaonekana umevaa ya kaka yako.

Namba nne: iliyokatwa ikaachwa na nyuzi

Akiba yake sifuri, nimemaliza. Kama unaitaka, usilipie hela ya ziada kwa kitu ambacho mkasi unafanya dakika mbili: kata jinzi sentimita moja chini ya unapotaka ifike, piga mstari mmoja wa cherehani pale unapotaka nyuzi zikomee, fua. Nyuzi za kulala zitatoka, zile za kusimama zitabaki zinaning'inia. Bila ule mstari itapanda yenyewe kila ukifua.

Kwenye jinzi nina upande, mnisamehe

Levis. Najua mtasema analipwa, ningelipwa nisingekuwa nabembeleza elfu tano Karume. Sababu yangu ni moja: pindo la jinzi halina akiba, limekunjwa mara mbili jembamba, ukifumua unapata sentimita mbili na mstari mweupe juu yake. Kwahiyo jinzi lazima uinunue ikiwa na urefu wako kabisa, na Levis wanaandika urefu. Kile kiraka cha nyuma kiunoni kina W32 L30, ya kwanza kiuno, ya pili urefu wa ndani ya mguu, kwa inchi. L30 ni kama sentimita 76. Brandi ngapi hapa mjini zinakuandikia S, M, L tu, as if wote wenye kiuno kimoja tuna miguu mimoja?

Kwenye mtumba usiiamini lebo peke yake, aliyeivaa kwanza anaweza kuwa aliikata. Pindo la kiwandani lililozeeka limejisokota kama kamba, lina mapaku ya kupauka na kukoza yaliyolala mshazari. Ukikuta pindo limetulia tuli na uzi mpya mpya, toa futi upime.

Sasa wauzaji wa onlaini, nyie. Picha kumi, zote kiuno na makalio, mguu umekatwa magotini. Nikiuliza urefu najibiwa "bei inboksi kipenzi". Sijauliza bei! Naomba picha ya pindo kwa ndani, mmoja akaniambia yeye anauza nguo hauzi mapindo, nikajibu basi niuzie isiyo na pindo, akaniblock. Na yule wa Kariakoo nilimrudia na kadeti yangu, akasema nguo iliyofuliwa hairudi. Nikamuuliza ningejuaje inajivuta bila kuifua? Akaniuzia soksi ndefu, elfu mbili, eti zitaficha. Nimezivaa leo.