Seva ya Minecraft tuliyokodi: pingi safi, lakini jioni wote tunarudishwa nyuma

Mpango tuliochukua ni wa kori nne na ramu ya gigabaiti 8, mashine yenyewe iko Ulaya. Mchana mchezo ni laini. Jioni unatembea hatua kadhaa, ghafla unarudishwa ulikotoka. Unavunja jiwe, linajirudia. Huduma kwa wateja walijibu kwamba intaneti yetu ndiyo mbovu. Ukishasema uko Kigoma, jibu hilo hata halihitaji ushahidi.

Ila pingi ilikuwa imetulia kwenye milisekunde 180 hivi, pakiti hazipotei, na tulikuwa tukirudishwa wote kwa mpigo, wa Mwanga, wa Ujiji na jamaa wa Dar mwenye faiba. Mtandao wa mtu mmoja ukiyumba, anayerudishwa ni yeye tu.

Minecraft hupiga tiki 20 kwa sekunde, kwa hiyo kila tiki ina milisekunde 50 za kumaliza kazi. Ikizidi hapo, kompyuta yako inaendelea kukutembeza huku seva imechelewa. Ikija kukagua, inakuta hatua nyingi kwa mkupuo na kukurudisha mahali pa mwisho ilipokubali. Seva yetu ni ya Paper, basi nikaandika:

```
/tps
/mspt
```

Jioni tiki moja ilichukua milisekunde 70, yaani tiki 14 tu kwa sekunde. Jumamosi mchana, tukiwa watu walewale kwenye ramani ileile, ilichukua 38. Mzigo haukubadilika, kilichobadilika ni mashine.

Paneli yao ilionyesha prosesa inatumika asilimia 30, na wakaitumia kama utetezi. Huo ni wastani wa kori nne, wakati kazi kubwa ya tiki inabebwa na uzi mmoja, kwenye kori moja kwa wakati. Nilifungua `top`, nikabonyeza `1` ili nione kori mojamoja, nikatazama `st`: muda ambao prosesa yako imepewa mteja mwingine wa mashine hiyohiyo. Jioni ilifika 45. Ukibakiwa na asilimia 55 ya kori, kazi ya milisekunde 38 inakula karibu 69. Hesabu ikakubaliana na nilichokiona.

Tulijisaidia kwenye `server.properties`:

```
simulation-distance=6
```

Awali ilikuwa 10. Eneo linalochakatwa kumzunguka kila mchezaji lilishuka kutoka chanki 441 hadi 169, na tiki ya mchana ikawa milisekunde 24. Jioni inafika 44: haturudishwi tena, japo mashamba ya mbali yamesimama kukua na nafasi iliyobaki ni finyu mno. Kuongeza ramu, walikotushauri baadaye, kusingegusa `st` hata kidogo.

Nawapa nyota mbili. Kwa marafiki wachache mpango huu unatosha. Sisi mwezi ukiisha tunahamia kwenye kori isiyogawanywa.