Ruta na kamera zinazouliza kwa Kichina: ipi ununue, na utazame nini kabla ya kubonyeza

Ukiingia Kariakoo kutafuta ruta au kamera ya ulinzi, utakuta vitu viwili vinavyofanana kama mapacha na bei mbili tofauti. Muuzaji atakwambia, "Hii ya bei nzuri ni ileile, bosi wangu, ila maandishi tu ni ya Kichina." Siku ya kwanza atakuwa sahihi. Fundi ataifunga, mtandao utapatikana, picha itaonekana. Miezi kadhaa baadaye kioo kitatoa kisanduku cha maandishi usiyoyasoma na vitufe viwili chini yake, na hapo ndipo tofauti ya bei inapoanza kudai haki yake.

Kisanduku hicho mara nyingi kinataka kusasisha programu dhibiti, ile mafundi wanayoiita famwea. Nimezipanga bidhaa hizi kwa kipimo kimoja: siku swali hilo likija, je, jibu la "ndiyo" ni salama? Na hilo linategemea kama programu iliyomo ndani ni ya kiwanda chenyewe, au kuna mtu katikati aliyeichezea.

Ya kwanza: toleo la nje ya Uchina

Hii ndiyo ninayopendekeza, hata kama itabidi ungoje mwezi mwingine upate nyongeza ya hela. Lugha yake unaibadilisha kwenye mipangilio, na sasisho lake unalipata kwenye tovuti ya kiwanda.

Kuitambua dukani si kazi. Tazama plagi ya adapta. Kama ni pini mbili bapa na muuzaji anakuongezea kigeuzi bure, bidhaa hiyo huenda ilitengenezwa kwa soko la ndani la Uchina. Igeuze usome lebo ya chini. Alama ya CCC peke yake, bila CE, inakuelekeza hukohuko. Kisha soma anwani ya kuingilia kwenye mipangilio. Ruta ya TP-Link ya soko la nje huandikwa tplinkwifi.net, ya Uchina huandikwa tplogin.cn. Mercusys ya nje ni mwlogin.net, na ndugu yake wa Uchina, Mercury, ni melogin.cn. Mstari huo mmoja umeniokoa mara nyingi kuliko maneno ya wauzaji kumi.

Hata hapa usibonyeze kwa mazoea. Lebo ikisema TL-WR840N(EU) Ver:6.20, vitu vitatu vyote vina maana: modeli, eneo, na toleo la kifaa. TL-WR840N za toleo la 2 zilitumia chipu ya Qualcomm, za toleo la 4 zikahamia MediaTek. Jina moja, ubongo mwingine. Faili la moja ukilitia kwenye nyingine, ukiwa na bahati litakataliwa, ukikosa bahati ruta inakufa.

Ya pili: ruta ya kampuni ya intaneti

Sina mengi juu yake. Kwa kawaida kampuni ndiyo inayoisasisha kutoka kwao, nawe huulizwi. Ubaya ni kwamba huna uhuru nayo, na ukihama kampuni inaweza kubaki pambo. Kwa mtu asiyetaka kujifunza chochote, inatosha.

Ya tatu: toleo la Uchina ambalo halijachezewa

Hapa wengi hushangaa nikisema kifaa cha Kichina kitupu ni salama kuliko kile ambacho "kimetafsiriwa". Ruta ya Xiaomi iliyotoka Uchina, kwa mfano, programu yake ni ya kiwanda. Ikitafuta sasisho yenyewe, inaletewa faili la modeli yake na soko lake. Tatizo lako ni kusoma tu.

Mwalimu mmoja wa Kigamboni alinipigia akiwa na ruta ya namna hiyo. Aliona 发现新版本 na kitufe cha rangi kali, akaogopa kugusa. Tulifanya hivi.

Kwanza nilimwambia afunge ukurasa ule, kisha aandike mwenyewe 192.168.31.1 kwenye kivinjari na aingie kwa namba yake ya siri. Onyo la kweli utalikuta humo ndani. Lile linalokurukia ukiwa unasoma habari au unatazama mpira ni tangazo au mtego. Kuna mtego mmoja mbaya zaidi: mtu aliye jirani anarusha waifai yenye jina kama lako, anakukata kwenye ya kwako, kisha anakuonyesha ukurasa unaosema ruta inahitaji kusasishwa, weka namba ya siri ya waifai uendelee. Sasisho halihitaji namba ya siri ya waifai. Ruta inaijua tayari, imeihifadhi yenyewe. (Ila angalia: Xiaomi wakati wa kuifunga mara ya kwanza hukupa nafasi ya kutumia namba hiyohiyo kuingilia kwenye mipangilio. Usikubali, weka mbili tofauti, usije ukashindwa kujua unaombwa ipi.)

Pili, kusoma. Kama kisanduku kiko kwenye simu, piga picha ya kioo kisha uifungue kwenye programu ya kutafsiri. Kama kiko kwenye kompyuta, elekeza kamera ya simu. Tafsiri ya mashine itakupa sentensi ya ajabuajabu, kwa hiyo shika herufi chache kwa macho. 升级 ni kusasisha. 取消 ni kughairi. 确定 ni kukubali, lakini haikuambii unakubali nini, kwa hiyo rudi usome sentensi iliyo juu yake. 请勿断电 ni usikate umeme. Za kukutoa jasho ni 恢复出厂设置, yaani kurudisha mipangilio ya kiwandani, na 清除 au 清空, yaani kufuta. Kwenye kamera ongeza 格式化, ambayo inafuta kadi ya kumbukumbu pamoja na picha zote. Rangi na upande wa kitufe usivifuate. Nimeona 确定 ikiwa kushoto na nimeiona kulia.

Ya mwalimu ilikuwa 立即升级, sasisha sasa, na pembeni yake kughairi. Hakukuwa na neno la kufuta popote.

Tatu, alipiga picha ya ukurasa wa mipangilio ya intaneti, wenye jina la mtumiaji na namba ya siri aliyopewa na kampuni yake. Watu wengi huruka hatua hii. Sasisho likiivuruga ruta na mipangilio ikafutika, ruta itakuwa nzima lakini intaneti hutaipata mpaka uzipate tarakimu zile tena, na namba ya siri mara nyingi inaonekana kama vidoti, kwa hiyo ulizia kampuni kabla ya kubonyeza.

Nne, umeme. Wakati wa kusasisha, ruta inafuta programu ya zamani kwenye kumbukumbu yake na kuandika mpya juu yake. Kwa ruta nyingi za bei ya chini hakuna nakala ya pili. Umeme ukikatika katikati, inawaka taa tu, haijui ianze wapi. Tulisubiri asubuhi, alipokuwa na UPS ndogo ya kuazima. Alibonyeza, akaiacha dakika kumi bila kuigusa, ikarudi.

Kitu kimoja nilimkataza: kile kitufe cha 手动升级, cha kupandisha faili kwa mkono. Hapo ndipo ruta za Kichina nyingi zinapofia, kwa sababu mwenyewe anatafuta faili la Kiingereza mtandaoni. Yake iliandikwa R4A kwenye lebo. Ipo pia R4AC, zinafanana kwa nje, herufi moja tu imezidi, na mafaili yake hayaingiliani.

Ya mwisho: kamera ya Uchina iliyogeuzwa Kiingereza

Hii naiweka mkiani bila kusita. Mtu katikati ameichukua kamera ya soko la Uchina, akaichezea programu yake ili menyu ionekane kwa Kiingereza, akaiuza kama toleo la nje. Inafanya kazi vizuri mpaka siku ya sasisho.

Nilifunga nne za aina hiyo kwenye duka la mama mmoja Mbagala. Chapa siitaji, na aliyeniuzia pia simtaji. Onyo likatokea kwa Kichina wakati menyu nyingine zote zilikuwa za Kiingereza, na hiyo peke yake ilitosha kunistua, lakini nilikuwa na haraka. Nikabonyeza. Programu halisi ya kiwanda ikaingia na kufuta ule ujanja. Kamera tatu ziliamka na menyu za Kichina, na kinasa kikazikataa kwa madai kwamba lugha haziendani. Ya nne haikuamka kabisa. Nilimlipa mama kamera yake, na nilipobandua stika ya lebo nikakuta stika nyingine chini yake.

Kwa hiyo ukinunua kamera, bandua kona ya lebo kwa ukucha. Kama ni Hikvision, soma namba ndefu ya mfululizo: katikati yake, baada ya tarakimu za tarehe, toleo la nje huwa na herufi WR, kama CCWR, na la Uchina huwa na CH, kama CCCH. Kisha iwashe dukani na ulinganishe namba ya kwenye lebo na ile ya kwenye menyu. Zikitofautiana, irudishe kwenye boksi.

Wapo watakaosema basi nisisasishe, imeisha. Mwaka 2021 Hikvision ilitangaza tundu la usalama, CVE-2021-36260, lililomwezesha mtu wa mbali kuitawala kamera bila namba ya siri, na dawa yake ilikuwa programu mpya. Programu nyingi za modeli zilizoguswa zilizotengenezwa kabla ya 210625, yaani tarehe 25 Juni 2021, zina tundu hilo. Mwenye WR anasasisha na kulala. Mwenye CH iliyogeuzwa anachagua kati ya tundu na kamera iliyokufa.

Kama unayo tayari, bonyeza 取消 kila mara, zima UPnP kwenye ruta, ile inayoruhusu vifaa vijifungulie milango ya nje bila kukuuliza, usifungue mlango wowote wa kuiona kamera moja kwa moja kutoka nje, na uitazame kupitia kinasa tu. Na ukimkuta muuzaji anakwambia, "Hii usiiapdeti tu, haina shida," amekwisha kukutajia toleo lake.