Kununua mbuzi kwa tangazo: lipi la kwanza kupigia simu, lipi la kuruka

Jamani msimu wa Idi na harusi ukikaribia simu zinajaa picha za mbuzi, kila moja "mbuzi mnono, mzima, bei poa", sasa hapo unachagua vipi? Mimi nanunua mbuzi wa kuchinja hapa Dar, matangazo nimeyapanga hivi.

Namba moja ni tangazo linalotaja meno, kilo za mzani na mahali mbuzi alipo, halafu muuzaji anakubali uje umuone kabla hujatoa hata mia. Nasema meno maana umri wa mdomoni kwa muuzaji na umri wa mdomoni kwa mbuzi ni vitu viwili tofauti. Mbuzi meno ya mbele anayo ya chini tu, manane. Yakiwa yote madogo madogo bado ni ya utoto, huyo mara nyingi hajafika mwaka. Mawili ya katikati yakishatoka makubwa ana kama mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, makubwa manne yuko kwenye miaka miwili, yakiwa manane yote makubwa basi amevuka mitatu na nyama yake itataka moto wa muda mrefu. Kama ni wa kuchinja Idi hapa usifanye mchezo, mbuzi inatakiwa awe ametimiza mwaka, na kwa madhehebu ya Shafi miaka miwili, asiwe kilema wala chongo wala mgonjwa. Mwambie muuzaji akutumie picha ya mdomo umefunuliwa, mwenye mbuzi kweli anaituma dakika hiyo hiyo.

Namba mbili ni tangazo lenye kilo za kukadiria, ila muuzaji anaruhusu upime mwenyewe. Hili nalipenda sana kwa sababu wengi hawana mzani na sio matapeli, wanakisia tu. Beba futi ya fundi cherehani. Zungusha kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, halafu pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalioni, vyote kwa sentimita. Kwenye kikokotoo cha simu unaandika hivi:

```
kifua x kifua x urefu / 10840 = kilo
```

Mwaka jana niliona dume Chanika, tangazo limeandika kilo 35, bei 175,000, yaani elfu tano kwa kilo. Nimefika nimepima kifua 70, urefu 65, inakuja kilo 29 na kidogo. Sikugombana na mzee wa watu, nilimuonyesha namba kwenye simu nikamwambia baba kwa kilo hizi mbuzi wako anakuwa karibu elfu sita kwa kilo, tukaelewana 150,000. Na ujue kilo za mbuzi hai sio kilo za nyama, ukishatoa ngozi, kichwa na matumbo inabaki karibu nusu au pungufu kidogo, wangu nilihesabu 13. Nenda asubuhi kabla hajala na kunywa, maana lita mbili za maji ni kilo mbili unazilipia.

Namba tatu ni dalali anayekwambia njoo mnadani Pugu. Mbuzi ni wengi na bei unaweza kushusha, tatizo wamechanganyika kutoka mikoani na safari imewachosha, kwa hiyo neno "mzima" lichunguze mwenyewe. Angalia makamasi, kikohozi, mkia uliochafuka kwa kuharisha. Funua kope ya chini, ndani iwe nyekundu au pinki, ikiwa nyeupe hana damu na mara nyingi ni minyoo. Pia uliza amechomwa sindano gani na lini, dawa nyingi zina siku za kusubiri kabla ya kuchinja na muuzaji akisema "kapewa dawa juzi" anadhani anakusifia mbuzi kumbe anakwambia usimchinje wiki hii.

La mwisho, ambalo mimi siligusi, ni lile la "tuma nauli kwanza tutakuletea mlangoni". Hana video ya leo, hataki uje, picha ileile iko kwa wauzaji watatu. Ruka.

Kuhusu kuchukua, mkubaliane mapema nani analipa usafiri na mbuzi akifa njiani ni wa nani. Akitoka wilaya nyingine mwenye mbuzi awe na kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa afisa mifugo. Boda sishauri kabisa, wanamfunga miguu wanamlaza ubavu na tumbo limejaa, gesi inashindwa kutoka, unafika nyumbani na mbuzi kavimba. Tafuta kirikuu mchangie watu wawili watatu, mbuzi asimame kwa miguu yake, na hela iliyobaki mpe muuzaji pale anapopandishwa.